GPA Moja, Namba Tatu: Ofisi ya Udahili Imeisomaje Alama Yangu?

*Mwalimu, shikamoo. Nimehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi nikiwa na GPA ya 3.4, kwenye mfumo ambao juu kabisa ni 5.0 na cha chini cha kufaulu ni 2.0. Ni daraja la pili la chini, ila nilikuwa wa 21 kati ya wahitimu 140 wa fani yetu. Nikaomba uzamili nje. Kwenye fomu ya chuo kimoja cha Marekani nilizidisha kwa 4 nikagawa kwa 5, nikaandika 2.72. Kwa Ujerumani, kikokotoo cha mtandaoni kiliniambia nina 1.9, nikatulia kabisa maana kozi inataka 2.5 au bora zaidi. Wiki iliyopita wamenikatalia, barua inasema alama yangu ni 2.6. Nani amekosea hapa? Nipinge au niachane nao?*

*Mhandisi Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Nimesoma transkripti za watu kwa miaka mingi, na barua kama yako huja kila msimu wa udahili. Nitaanza na hiyo 2.6, kwa sababu ndiyo iliyokuumiza, na kwa sababu kati ya namba zako tatu ndiyo pekee iliyopatikana kwa njia sahihi. Usikate tamaa kwa kusikia hivyo. Hesabu inaweza kuwa sahihi na bado kilichoingizwa ndani yake kikawa na kasoro.

Ujerumani alama hukimbia kinyume na zako: 1.0 ndiyo bora kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Ili kumleta mtu wa mfumo mwingine kwenye ngazi hiyo, vyuo vingi vya huko, pamoja na uni-assist inayovichambulia maombi ya wageni, hutumia kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Ni mstari mmoja tu:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) / (Nmax − Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa katika mfumo wako, Nmin ni alama ya chini kabisa ya kufaulu, na Nd ni ile uliyoipata wewe. Kanuni inauliza swali moja: kutoka kileleni hadi ukingo wa kufeli, wewe umesimama umbali gani? Kisha inaubeba umbali huo na kuupima kwenye ngazi ya kutoka 1.0 hadi 4.0.

Tuziweke zako. Kutoka 5.0 hadi 3.4 ni 1.6. Kutoka 5.0 hadi 2.0 ni 3.0. Gawa 1.6 kwa 3.0, zidisha kwa 3, ongeza 1: unapata 2.6. Na kuna jambo ambalo waombaji wengi wa mfumo wako hawalioni. Kwa kuwa nafasi kati ya 5.0 na 2.0 ni 3, na ngazi ya Kijerumani nayo ina nafasi ya 3, hesabu yote inageuka kuwa 6 kutoa GPA yako. Mwenye 4.0 anapata 2.0. Mwenye 3.5 anapata 2.5. Kwa hiyo kozi inayotaka 2.5, kwa mtu wa mfumo wako, inataka 3.5, na hiyo 3.5 ndipo linapoanzia daraja la pili la juu. Hukuwa mbali. Ulikuwa mlangoni.

Sasa ile 1.9. Rudia hesabu hiyohiyo, ila mahali pa Nmin weka 0 badala ya 2.0. Utapata 1.96, na ukikata desimali ya pili inabaki 1.9. Kikokotoo kiliuliza alama ya chini, ama kikajaza chenyewe 0, ama wewe ukajaza 0 kwa kuwa ndiyo ya chini kabisa kwenye ngazi. Lakini Nmin si mwisho wa ngazi. Ni mahali ambapo mtu bado anahesabiwa amefaulu. Kosa hili ndilo ninaloliona kuliko mengine yote, na ubaya wake ni kwamba humfurahisha mwombaji. Ukitaka kujua kama kikokotoo kimekudanganya, kiingizie alama ya mwisho ya kufaulu ya mfumo wako. Lazima kitoe 4.0. Kikitoa kitu kingine chochote, kifunge.

Kosa hilohilo hutokea pia upande wa pili wa meza, na huko hugeuka kuwa hasara. Nakumbuka transkripti moja iliyoletwa kwetu ikiwa imepigwa picha upande wa mbele tu. Masomo yote yapo, alama zipo, muhuri upo. Ufunguo wa alama, ule unaosema A ni ngapi na kufaulu kunaanzia wapi, ulikuwa umechapwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo za kijivu, na nyuma hakuna aliyepiga picha. Msomaji asiyeujua mfumo huo akachukua kiwango cha kufaulu alichokiona kwenye faili la mwombaji mwingine wa nchi hiyohiyo, bila kujua kwamba chuo kile kilikuwa na kiwango tofauti. Mwombaji alipotuma upande wa nyuma, alama yake ilibadilika. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno moja la malalamiko, fungua faili ulilotuma uone kama ufunguo upo na unasomeka. Kwako walitumia Nmin ya 2.0 kwa usahihi, naona kutokana na jibu lao, lakini kwenye maombi yanayofuata usimwachie msomaji akisie.

Haya, twende kwenye namba ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kesi yako, na si kati ya hizo tatu. Ni hiyo 3.4 yenyewe.

Baadhi ya vyuo vya mfumo wa pointi 5 huandika GPA ya mwisho kwa desimali moja, na hukata zinazofuata bila kukadiria kwenda juu. Mwenye 3.41 anaandikiwa 3.4. Mwenye 3.49 naye anaandikiwa 3.4. Chukua kalamu uihesabu ya kwako upya: kila somo, zidisha pointi za daraja lako (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, au kama ufunguo wako unavyosema) kwa krediti za somo hilo. Jumlisha zote, kisha gawa kwa jumla ya krediti.

Tuseme shahada yako ni ya krediti 480. Mtu aliyekusanya pointi 1,632 ana 3.4 kamili. Aliyekusanya 1,679 ana karibu 3.498, naye ameandikiwa 3.4 vilevile. Kati yao kuna pointi 47, na transkripti imewafanya watu wawili hao kuwa mmoja. Tuseme wewe una 1,664. Hiyo ni 3.466. Ukiipitisha kwenye kanuni unapata 2.533, na desturi iliyozoeleka Ujerumani ni kuchukua desimali moja na kukata zinazobaki. 2.533 ikikatwa ni 2.5. Umeingia.

Unaona kilichotokea? Ulikatwa kwenu, na kukatwa kwenu kulikushusha, kwa kuwa kwenu kubwa ndiyo nzuri. Kule kukatwa kungekupandisha, kwa kuwa ndogo ndiyo nzuri. Lakini namba ilipofika huko ilikuwa 3.4 kavu, ikatoa 2.6 kavu, na hapakuwa na desimali ya kukatwa.

Kwa hiyo nenda kwa msajili wa chuo chako uombe barua rasmi yenye mambo matatu tu: jumla ya pointi ulizopata kwa kuzingatia uzito wa krediti, jumla ya krediti, na GPA kwa desimali mbili au tatu, pamoja na sentensi inayosema kwamba kanuni za chuo zinaagiza GPA ikatwe kwenye desimali ya kwanza. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Bila hiyo, msomaji ataona hati mbili zenye namba mbili tofauti na ataiamini ile ya kwenye cheti.

Nikuambie ukweli, barua hiyo si lazima ikubalike. Zipo ofisi zinazoshikilia kwamba alama ya mwisho ni ile iliyochapwa kwenye cheti, basi. Nyingine hulinganisha matokeo na sharti bila kukata chochote, na kwao 2.533 bado ni mbaya kuliko 2.5. Ukikuta GPA yako halisi ni 3.40 au 3.41, basi hoja hii ni dhaifu na nisingekushauri uisimamie. Ukikuta ni 3.45 kwenda juu, isimamie kwa nguvu zote.

Kuhusu kupinga: geuza barua ya kukataliwa usome maelezo ya mwisho kabisa, yale ambayo watu huyaruka kwa kuwa yameandikwa kisheria. Aghalabu ndipo inapoandikwa upinge wapi na ndani ya muda gani, na muda huo mara nyingi ni mwezi mmoja. Kama hakuna maelezo hayo, andika kwa ofisi ya udahili kwa adabu na kwa ufupi. Usiandike kwamba wamekuonea. Usiandike kwamba kikokotoo kilikupa 1.9, maana hapo umewaonyesha kwamba huijui kanuni. Andika: hii ni GPA yangu kabla ya kukatwa, hii ni barua ya msajili, hii ni hesabu yenye Nmax 5.0 na Nmin 2.0, naomba mwangalie upya. Aya tatu zinatosha.

Sasa Marekani, na hapa ndipo ulipojiumiza mwenyewe. Kuzidisha kwa 4 na kugawa kwa 5 kunaonekana ni haki, lakini kunachukulia kwamba ngazi zote mbili zina vidaraja vilivyopangwa sawasawa. Hazina. Kwenu B+ ni pointi 4 na B ni 3. Kwao B+ aghalabu ni 3.3 na B ni 3.0. Mtu mwenye 3.4 kwenu ni mtu ambaye wastani wake uko kati ya B na B+. Mfano rahisi: asilimia 60 ya krediti zake ni B na asilimia 40 ni B+. Mpitishe huyo kwenye herufi za Kimarekani, somo kwa somo, utapata takriban 3.12. Wewe umeandika 2.72. Shule nyingi za uzamili huko huweka mstari wa 3.0, na wewe kwa mkono wako umejiweka chini yake.

Watathmini wa vyeti wanaofanya kazi hiyo kwa ajili ya vyuo vya Marekani, WES wakiwa miongoni mwao, hufanya hesabu ya somo kwa somo: kila alama inabadilishwa peke yake kwa jedwali la nchi husika, inapewa uzito wa krediti, kisha wastani unatafutwa upya. Ndiyo maana watu wawili wenye GPA sawa nyumbani wanaweza kutoka na namba tofauti kidogo kule. Mwenye A nyingi na C nyingi hafanani na mwenye B tupu, hata kama wastani wao ulilingana. Mfano wangu wa 3.12 kwa hiyo ni wa kukuonyesha njia, si matokeo yako. Yako yatategemea herufi zako zimekaaje na jedwali gani limetumika.

Waandikie hao wa Marekani leo. Waambie kwamba ulibadilisha alama mwenyewe kimakosa, na alama halisi ni 3.4 kwa ngazi ya 5.0. Kuanzia sasa usibadilishe alama yako kwa ajili ya mtu yeyote, isipokuwa fomu imekupa kanuni yake na kukuagiza uitumie. Andika ulichopewa na chuo chako, na pembeni andika ngazi. Kama kisanduku kinakataa namba iliyozidi 4.0, usilazimishe. Soma maelekezo ya kisanduku au uliza ofisi. Mimi nikiona kwenye fomu namba isiyokuwepo popote kwenye transkripti, kazi yangu ya kwanza inakuwa kutafuta imetoka wapi, na dakika hizo ningezitumia kusoma masomo yako.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Ulilitaja kama pembeni tu: wa 21 kati ya 140. Hiyo ni asilimia 15 ya juu.

Kanuni ya Bavaria haioni hilo. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inadhani kila mfumo unatumia ngazi yake yote, hadi kileleni. Angalia vyuo vinavyofuata mtindo wa Kiingereza, ambako kufaulu ni asilimia 40 na daraja la kwanza linaanzia 70. Mwanafunzi wa 70 huko ni wa kupongezwa, na alama za juu ya 80 ni adimu. Mpitishe kwenye kanuni: 100 kutoa 70 ni 30, gawa kwa 60, zidisha kwa 3, ongeza 1. Anapata 2.5. Mwenye daraja la kwanza anakaa palepale anapokaa mwenye 3.5 ya kwenu, kwa sababu tu walimu wake hawana mazoea ya kutoa 95. Kanuni haijui ugumu wa walimu. Inajua vipimo vya ngazi.

Wanaoshughulika na jambo hili wanalijua tatizo hilo siku nyingi. Huko Ulaya, mfumo wa krediti wa ECTS uliwahi kuwa na ngazi ya A hadi E iliyogawanywa kwa nafasi: asilimia 10 ya juu ya waliofaulu wanapata A, 25 zinazofuata B, kisha 30, 25 na 10 za mwisho. Ilishindikana kutekelezwa vizuri kila mahali, na tangu mwongozo wa 2009 vyuo vinashauriwa badala yake kutoa jedwali la mgawanyo: asilimia ngapi ya wanafunzi walipata kila alama. Msomaji analinganisha nafasi na nafasi, hajali namba imeandikwaje. Kwa ngazi ile ya zamani, wewe ungekuwa B.

Omba idara yako barua ya pili, tofauti na ya msajili. Iseme wahitimu wa fani yako mwaka huo walikuwa 140, wangapi walipata daraja la kwanza, wangapi la pili la juu, wangapi la pili la chini, na wewe ulikuwa wa ngapi. Isainiwe, ipigwe muhuri, iwe na tarehe. Waambie wasiweke sifa. Mkuu wa idara atataka kuandika kwamba wewe ni kijana mchapakazi na mwenye nidhamu, na nia yake ni njema, lakini sentensi hizo humfanya msomaji aiweke barua kwenye fungu la mapendekezo, wakati wewe unataka aisome kama takwimu.

Je, itakusaidia kwenye kozi iliyokukataa? Kama 2.5 ni sharti la kuingia mlangoni, huenda hakuna mtu atakayeisoma. Barua hiyo ni ya kozi nyingine: zile zinazoandika sharti lao kwa njia mbili, alama fulani au kuwa miongoni mwa asilimia fulani ya juu, na zile ambazo kamati inasoma faili zima na alama ni sehemu tu ya pointi. Kabla ya kuomba, soma kanuni za udahili za kozi yenyewe, si ukurasa wa matangazo. Ukiona neno linalomaanisha "lazima" mbele ya 2.5, hesabu 6 kutoa GPA yako na ujue mapema. Ukiona "kwa kawaida" au "tunazingatia pia", peleka na barua ya idara.

Sasa panga foleni. Msajili awe wa kwanza, kwa kuwa muda wa kupinga unakwenda na ofisi za wasajili hazina haraka. Lakini kabla hujapanga foleni hiyo, kaa leo usiku na transkripti na kalamu. Kama jumla yako, krediti zikiwa 480, ni 1,632 au inazidi kidogo tu, acha kupinga, nguvu zako zipeleke kwenye barua ya idara na kozi zinazosoma nafasi. Kama inakaribia 1,660 au zaidi, kesho asubuhi uwe mlangoni kwa msajili.